Nilivyowafundisha wanafunzi kuichagua aya ya kwanza ya habari

Wanafunzi wangu walivitaja vigezo vya habari bila kusita: athari, ukaribu, upya, mgogoro, umaarufu, uajabu. Piramidi iliyopinduliwa nayo waliichora vizuri, zito juu na jepesi chini. Ukiwapa tukio waandike, hata hivyo, aya ya kwanza ilitoka hivi: "Mwenyekiti wa halmashauri amefungua kikao cha baraza la madiwani na kuwataka wajumbe wafanye kazi kwa bidii."

Nikaacha kuyafundisha mambo hayo mawili kila moja peke yake. Niliwapa muhtasari wa kikao cha kubuni, uliopangwa kwa mfuatano wa saa: mwenyekiti alifungua, hesabu zikasomwa, mhandisi akaeleza kuwa nguzo mbili za daraja kuu zina nyufa, diwani mmoja akatoka nje kwa hasira, na mwishoni baraza likaamua daraja lifungwe miezi mitatu kuanzia Jumatatu. Kila jambo waliliandika kwenye karatasi yake, na nyuma wakaandika kigezo kinacholibeba na nani linamgusa.

Ubishi ukaanza. Wengine walimtaka diwani juu, maana ugomvi unasomwa. Nikawauliza: mtu anayevuka daraja hilo kila asubuhi, akisoma aya hiyo peke yake, Jumatatu atapita wapi? Karatasi ya daraja ikapanda. Pasingekuwa na uamuzi ule, pengine diwani angestahili nafasi hiyo, kwa sababu vigezo hushindana ndani ya tukio lenyewe na havina ngazi ya kudumu.

Tukaafikiana hivi: "Daraja kuu la mji litafungwa kwa miezi mitatu kuanzia Jumatatu, baada ya mhandisi kubaini nyufa katika nguzo zake mbili." Nini, lini na kwa nini vimo. Baraza lililoamua na njia mbadala vikaenda aya ya pili, maneno ya mhandisi ya tatu, diwani na sababu ya hasira zake ya nne. Hesabu zikawa mwisho. Ufunguzi tuliutupa.

Kuna mianzo miwili niliyoipiga marufuku darasani, ingawa magazeti yetu yanaipenda mno. "Imeelezwa kuwa" humficha aliyeeleza, na "Wananchi wametakiwa" humpa msomaji nasaha kabla hajajua kilichotokea.

Kisha nikawa mhariri asiye na nafasi ukurasani: nilikata aya ya mwisho ya kila kundi, nikakata na iliyo juu yake, wao wakisoma kilichobaki. Habari iliyopangwa sawasawa ilipungukiwa na maelezo tu. Kundi moja lilikuwa limeiweka "Jumatatu" katika aya ya tano, ndani ya nukuu ya mwenyekiti, na baada ya kukata, habari yao ilisema daraja litafungwa lakini haikusema lini. Waliihamisha wenyewe. Makala sikuyagusa katika zoezi hili. Huko mwandishi anaruhusiwa kuchelewesha jambo, na piramidi ingemharibia.