Nilivyochagua apu ya kuandika matumizi kwenye simu ya GB 8

Simu ninayotumia ina hifadhi ya GB 8 na RAM ya GB 1. Kwenye simu ya aina hii, mfumo wenyewe na apu zilizokuja nayo huchukua sehemu kubwa ya hifadhi, halafu WhatsApp inamalizia. Kwa hiyo nilipotafuta apu ya kuandika matumizi ya kila siku, kitu cha kwanza nilichopima ni nafasi ambayo ingekula baada ya kutumika kwa muda.

Ukubwa unaoonyeshwa Play Store ni wa kile unachopakua tu. Apu ikishaingia, mafaili yaliyobanwa hufunguliwa, na data na kache, yaani mafaili ya muda, huanza kujilimbikiza. Apu ya MB 15 dukani inaweza kukaa MB 50 ndani ya simu. Namba ya kweli utaipata Settings, kisha Apps, ubonyeze jina la apu, halafu Storage. Hapo kuna "App size", "User data" na "Cache". Mimi huzisoma siku ya kwanza na tena baada ya wiki. Data ikiongezeka kidogo tu, apu hiyo inafaa. Kache ikipanda kwa makumi ya MB ilhali unaandika namba tu, mara nyingi ni matangazo yanayopakuliwa, na yanakula bando lako pia.

Rekodi zenyewe ni nyepesi mno. Ukiandika matumizi 10 kwa siku, mwaka ni mistari 3,650. Hata kila mstari ukichukua baiti 200, jumla haifiki MB 1. Picha moja ya risiti kutoka kwenye kamera huweza kuzidi hapo, ndiyo maana sipigi risiti picha; kiasi, tarehe na jina la duka vinatosha.

Baada ya nafasi, nazima mtandao kwa "Airplane mode" na kujaribu kuandika nauli ya matatu. Apu ikidai kwanza nifungue akaunti au niingie kwa barua pepe, naifuta. Isipodai, naandika kiasi, naacha katikati, nafungua WhatsApp na kamera, kisha narudi. RAM ya GB 1 ni ndogo, kwa hiyo simu hufunga apu zilizo nyuma bila kukuuliza. Apu nyingine hupoteza ulichokuwa umeanza kuandika. Jaribio hili ni muhimu kuliko grafu zote za rangi, kwa sababu matumizi huandikwa ukiwa umesimama dukani, simu ikiita na chenji mkononi.

Niliyobaki nayo ni My Expenses, inayopatikana Play Store na kwenye F-Droid, duka jingine la apu. Inafanya kazi bila mtandao na ina kitu ambacho kwetu ni cha lazima: kuhamisha pesa kati ya akaunti. Nilifungua akaunti mbili, Taslimu na M-Pesa. Tuseme M-Pesa ina shilingi 5,000, ukatoa 3,000 kwa wakala na ukakatwa 52. Ukiandika 3,000 kama matumizi, kisha ukaandika unga na mboga ulizonunua kwa pesa hizo hizo, umehesabu mara mbili. Andika 3,000 kama uhamisho kutoka M-Pesa kwenda Taslimu, halafu 52 kama matumizi, kundi la "Ada". M-Pesa itabaki 1,948, namba ile ile iliyo kwenye ujumbe wa M-Pesa. Zikitofautiana, kuna muamala umeusahau, na ni rahisi kuutafuta siku hiyo hiyo kuliko mwisho wa mwezi.

Makundi yawe machache. Natumia chakula, nauli, nyumba, simu, ada na mengineyo. Yakizidi hapo unaanza kusita kila unapoandika, na anayesita huahirisha.

Apu inayosoma SMS ili ijaze yenyewe siitaki. Inapunguza kazi, kweli, lakini ujumbe wa benki na namba za siri za muda hukaa humo humo.

Hatari kubwa ya simu iliyojaa ni mkono wa mwenyewe. Ukienda kupunguza uchafu, "Clear cache" haigusi rekodi zako, lakini "Clear storage" (kwenye simu nyingine "Clear data") iko jirani na hufuta kila kitu. Kuondoa apu na kuirudisha pia kunaweza kukuacha bila chochote. Kwa hiyo kabla ya kuitegemea apu yoyote, hakikisha inatoa rekodi zako kama faili la CSV, jedwali linalofunguka hata kwenye programu nyingine. Lifungue uone kama tarehe, kiasi na kundi vyote vipo, kisha ujitumie kwa barua pepe. Likibaki kwenye simu tu, simu ikiibwa limeenda nayo.