"Inapinga sumaku, endelea kuandika"

Saa sita usiku na bado nasikia sauti yangu mwenyewe. Najua mnangoja habari ya Mama, alitoka hospitali Jumanne, anaendelea poa, na ndio, tumehama. Lakini kitu imenikwama ni swali la yule msichana wa dawati la nyuma, yule huwa haongei.

Tulikuwa kwa sheria ya Lenz, nimechora pete ya shaba imelala mezani, sumaku imesimama juu yake, ncha ya kaskazini ikiangalia chini. Akauliza, "Mwalimu, kwani pete inapinga sumaku ama inapinga mabadiliko?" Kengele ilikuwa karibu, nikamwambia, "Inapinga sumaku, endelea kuandika." Akaandika. Hiyo ndio inaniuma, venye aliandika tu.

Juu nilimdanganya. Ukishusha sumaku, uga wake wa kuelekea chini unazidi ndani ya pete, so pete inazungusha mkondo wa umeme wa kutengeneza uga wa kuelekea juu, uso wake wa juu unakuwa kaskazini na unaisukuma sumaku. Ukitazama kutoka juu mkondo unaenda kinyume cha mishale ya saa. Hapo jibu langu linaponea. Shida ni ukiinua: uga wa sumaku bado unaelekea chini, ila sasa unapungua, na pete inatoa wake wa kuelekea chini pia, yaani inausaidia! Uso wa juu unakuwa kusini, unaivuta sumaku isiende, na mkondo unageuka, unafuata saa. Na ukiishikilia tu bila kuisogeza, hata ikiwa katikati ya pete, mkondo ni sufuri. Kama pete ingekuwa inapinga sumaku si ingepinga hata hapo? Inapinga mabadiliko ya uga, basi.

Jana nikaingia nikawaambia nilikosea. Kimya. Halafu yeye, polepole: "Kumbe ni kama shosho. Ukifika anauliza mbona hukusema unakuja, ukitaka kwenda anakushika mkono ati chai haijaiva." Darasa lote likaanguka, mimi pia, nikakaa kwa dawati.

Kijana mmoja akauliza mbona pete isivute sumaku inayokuja. Nikamwambia basi ungeisukuma kidogo tu, ivutwe, iongeze mbio, mkondo uzidi, ivutwe tena zaidi, stima ya bure bila mtu kutoa jasho. Akatikisa kichwa, akaelewa. Nikawaonyesha na ile ya herufi: andika N ya kaskazini, weka mishale kwenye miisho yake miwili, inazunguka kinyume cha saa, S ya kusini inafuata saa. Lakini tazama kutoka upande ule sumaku iko, maana ukichungulia kutoka chini ya meza kila kitu kinageuka, na hapo ndio wengi hupoteza maksi.

Aliandika tena, safari hii akaweka mstari mwekundu chini.

Sasa hii nyumba mpya, kuna kitu kinadondoka juu ya dari tangu saa nne, nafikiri ni tangi, na keateka hashiki simu.