B niliifunga mapema

Usiku wa kuamkia leo nimelala saa tisa kasoro, na sababu ni mstari mmoja tu. Wala haukuandikwa vibaya, uliandikwa vizuri kabisa ila ulikaa mahali pasipo pake. Naandika hapa kabla sijasahau maana najijua, baada ya miezi sita ntarudia tena.

Iko hivi. Nilikuwa natengeneza kiprogramu cha kutafuta njia fupi kwenye grafu, yaani una nodi, kati ya nodi na nodi kuna mishale, kila mshale una uzito wake (umbali, dakika, gharama, chochote kile ila kisiwe chini ya sifuri), na unataka kujua kutoka nodi ya kuanzia hadi zingine zote njia nyepesi kuliko zote ina jumla ya ngapi. Kazi ya algoriti ya Dijkstra hiyo, haina ubishi. Na kwa kuwa nilishawahi kuandika ile ya foleni ya kawaida, ile isiyojali uzito inayohesabu hatua tu, nikasema mbona rahisi, nachukua ileile, natoa foleni ya kawaida naweka foleni ya kipaumbele, anayetoka si aliyetangulia kufika bali mwenye namba ndogo, basi kazi imeisha. Dakika kumi. Testi zote zikapita.

Kumbe zilipita kwa uvivu wangu mwenyewe, maana kila mshale kwenye testi nilikua nimeupa uzito wa 1, sasa mishale yote ikilingana njia yenye hatua chache ndo hiyohiyo njia nyepesi na kosa langu halina pa kuonekania. Jana jioni nikaweka namba zinazotofautiana, kigrafu kidogo tu:

```
A -> B  10
A -> C  3
C -> B  4
C -> D  8
B -> D  2
D -> E  5
```

Hata kwa macho unaona, kutoka A hadi E unapita C, B, D, jumla 3 + 4 + 2 + 5, yaani 14. Programu yangu inasema 16. Nikaiendesha tena, kama vile itaona aibu ijirekebishe. 16.

Nikakaa nayo kama saa mbili hivi nikiangalia hipu, yaani ule mpangilio wa ndani unaoendesha foleni ya kipaumbele, nikadhani labda hipu haipangi sawa, nikaichapisha kila hatua, iko sawa. Mwisho nikampigia jamaa mmoja tuliyesoma naye nikamsomea programu kwenye simu mstari kwa mstari. Hakunijibu kitu muda mrefu, alafu akauliza, "Kaka, hiyo B umeifunga saa ngapi?"

Hapo ndo nikaelewa na nikataka kukata simu.

Kwenye foleni ya kawaida nodi unaiwekea alama ya "nimeshaiona", yaani unaifunga isibadilishwe tena, pale unapoiingiza kwenye foleni, na ni sahihi, kwa sababu wa kwanza kuifikia ndiye mwenye hatua chache. Mimi nikabeba tabia hiyohiyo nikaja nayo kwenye mishale yenye uzito. Fuata kilichotokea: natoa A, naiona B kwa 10 na C kwa 3, naziingiza zote mbili na naziwekea alama zote mbili. Anatoka C mwenye 3. C anasema ninayo njia ya kwenda B, 3 + 4, ni 7. Programu inamwambia B imeshaonwa, pita. Ile 7 ikafia mlangoni. C akaiingiza D kwa 11 nayo ikafungwa hapohapo, baadaye B inatoka na ile 10 yake ya zamani, inataka kuipa D 12, haina maana tena, na E inapata 11 + 5. Ndo hiyo 16.

Nodi inafungwa inapotoka kwenye foleni, sio inapoingia. Nilikua naijua hii sentensi, nimeshaisoma sijui mara ngapi, ila kuijua na kujua kwa nini ni vitu viwili. Sababu yake ni hii: C inapotoka na 3, vyote vilivyobaki ndani ya foleni ni 3 au zaidi, ndo maana yeye katoka. Sasa kama kuna njia nyingine ya kificho ya kufika C, njia hiyo lazima itokee kwenye nodi fulani ambayo bado iko foleni, na hiyo tayari iko 3 kwenda juu, na kila mshale utakaoongeza hapo unaongeza au unabaki palepale, haupunguzi kamwe. Kwa hiyo hakuna wa kushuka chini ya 3. Lakini B inapoingizwa na 10 hakuna aliyeihakikishia chochote, C ya 3 ilikua imekaa palepale pembeni yake haijafunguliwa bado. Ile 10 ni ofa tu.

Na hapohapo unaona kwa nini uzito hasi unaharibu kila kitu. Tuseme kuna mishale mitatu tu, A kwenda C kwa 3, A kwenda B kwa 10, na B kwenda C kwa -8. C inatoka na 3, inafungwa, alafu baadaye B inakuja na 10 toa 8, ni 2. Umeshachelewa. Niliwahi kufikiri unaweza kuongeza 8 kila mshale ili hasi iishe, hapana bana, njia yenye mishale mingi inaongezewa 8 nyingi na yenye mmoja inaongezewa moja, unakua umebadilisha mashindano yenyewe. Sifuri haina shida lakini.

Basi nikarekebisha. Sasa kukaja swali la pili ambalo mi naona ndo tamu zaidi: B iko ndani ya hipu na 10, nimepata 7, nafanyaje? Kinadharia unaenda ndani ya hipu unaitafuta B unashusha namba yake. `heapq` ya Python haina hicho kitu, na kuitafuta mwenyewe humo ndani ni kupekua orodha nzima. Kinachofanyika ni ujanja wa kivivu, unaingiza B nyingine yenye 7 na ile ya 10 unaiacha ioze humohumo. Ikija kutoka siku yake, unaangalia, namba yako ni kubwa kuliko ninayoijua, wewe ni wa zamani, pita.

```python
while foleni:
    d, u = heappop(foleni)
    if d > umbali[u]:
        continue
    for v, w in grafu[u]:
        if d + w < umbali[v]:
            umbali[v] = d + w
            heappush(foleni, (umbali[v], v))
```

(`umbali` inaanza na `float("inf")` kwa kila nodi isipokua ya kuanzia ambayo ni 0, na foleni inaanza na hiyo moja.)

Nikaifuatilia kwa kalamu. Inatoka A na 0, inaingia B 10 na C 3. Inatoka C, inaingia B 7 na D 11. Inatoka B na 7, inaingia D 9. Inatoka D na 9, inaingia E 14. Sasa ndani kumebaki B 10, D 11, E 14, zile mbili za kwanza ni mizoga. B ya 10 inatoka, 10 ni kubwa kuliko 7, pita. D ya 11, pita. E inatoka na 14. Nodi tano, kutoka mara saba. Hipu inaweza kubeba vitu vingi kuliko idadi ya nodi, haizidi sana idadi ya mishale, na kwa hipu hiyo sio tatizo kubwa maana kina chake kinakua polepole mno, ukiwa na vitu 50,000 ndani kuingiza kimoja ni kupanda ngazi 16 hivi kwa ubaya wake wote.

Ule mstari wa `continue` nao una vituko vyake. Nilijaribu kuufuta nione, jibu likabaki lilelile sahihi! Kwa sababu mzoga una namba kubwa, haumshushi jirani yeyote. Tatizo ni kwamba unapita majirani wote tena bure. Kwenye kigrafu changu huwezi kuona tofauti, ila fikiria nodi moja ya katikati inayoingiwa na mishale 1,000 na inatoka mishale 1,000, kama kila anayeingia anaboresha namba kidogo basi unaweza kupekua majirani mara 1,000,000 badala ya 1,000. Hakuna testi ya jibu itakayokukamata hapo, utaona tu programu inazidi kua nzito data ikikua. Mi nahesabu zilizotoka na zilizorukwa nazichapisha mwishoni, zikinitisha naenda kuangalia.

Kuna kitu kingine kilinifariji kidogo. Dijkstra mwenyewe aliiwaza hii mwaka 1956 akiwa Amsterdam, alitoka na mchumba wake kufanya manunuzi wakachoka wakakaa mgahawani kunywa kahawa, na kwa maelezo yake ilimchukua kama dakika 20, bila kalamu bila karatasi. Akaichapisha 1959. Na hakukua na hipu humo, hipu yenyewe ilikuja 1964, yeye alikua anapitia tu nodi zilizo wazi na kuchagua ndogo. Grafu ikiwa imebanana, nodi 1,000 na karibu kila moja ina mshale kwenda kila nyingine, mtindo huo wa zamani wala hauna aibu mbele ya hipu, kwa sababu mishale inakaribia milioni moja na kupitia nodi 1,000 mara 1,000 ni milioni hiyohiyo. Hipu inapendeza pale mishale ikiwa michache kwa kila nodi.

Alafu leo asubuhi, nikiwa najiona nimeiva, nikaongeza kipande cha kusimama mapema, ukishafika unakoenda usiendelee kuhangaika na grafu nzima. Nikakiweka wapi? Ndani ya ile `for`, pale jirani anapoonekana. Kusudio nikaweka D. Jibu 11, wakati jana usiku niliandika 9 kwa mkono wangu mwenyewe. Kosa lilelile limevaa shati jingine, D nimeiona kupitia C nikashangilia kabla haijatoka. Nimekihamisha juu, chini ya `continue`, nikaendesha tena, 9. Zile testi za uzito wa 1 nimezifuta zote, zilizobaki kila moja ina njia ya hatua nyingi iliyo nyepesi kuliko ya hatua moja. Jamaa sijamwambia ya leo asubuhi.