Choo cha mama kimeacha kucheza: ringi ya tatu ya nta ndiyo iliyokaa

Leo ni wiki ya tano tangu niiweke. Nimepita Ujiji asubuhi, nikapiga magoti bafuni kwa mama, nikazungusha karatasi ya chooni kuzunguka kitako chote cha sinki, nikaflashi mara tatu mfululizo. Karatasi imetoka kavu. Nimeipiga picha, kwa sababu karatasi kavu hiyo nimeitafuta tangu Februari.

Kwa walioukosa mwanzo wake: ni choo cha kukaa cha kipande kimoja, tangi na sinki vimeungana, maji taka yanashuka chini kwenye bomba la inchi 4 kupitia flanji ya plastiki, ile pete iliyofungwa sakafuni kwenye mdomo wa bomba, na ringi ya nta inayoziba kati yake na sinki. Mwaka jana bafu liliwekwa vigae vipya juu ya vile vya zamani. Miezi michache baadaye mama akanipigia: "Mwanangu, hiki choo kinanitikisa nikikaa, na asubuhi nakuta maji sakafuni." Alikuwa ameanza kuweka kitambaa pale chini na kukikamua kila siku.

Kabla ya kung'oa chochote nilihakikisha maji yanatoka wapi, maana si kila maji ya sakafuni ni ya nta. Nilikausha sakafu, nikaweka bluu ya kufulia ndani ya tangi, nikakaa nusu saa bila kuflashi. Pakavu. Mpira wa kuingiza maji na koki yake havikuwa na tone. Nikaflashi mara moja, na baada ya dakika kama mbili mstari mwembamba wa bluu ukatokea upande wa kushoto mbele. Maji yanayotokea baada ya kuflashi tu, tena kutoka chini ya kitako, ni muhuri wa chini. Yangekuwa yanatiririka muda wote ningeanza na koki na mpira.

Bolti nazo zilikuwa zimeoza. Ya kulia ilizunguka pamoja na nati yake, haikufunguka wala kukaza. Hapo usipambane na spana, utapasua kauri. Niliingiza bledi ya msumeno wa chuma, tupu bila fremu, kati ya nati na sinki, nikakata taratibu kwa dakika kumi na tano. Bolti zilionekana za shaba nyeupe kwa nje, lakini sumaku ilizishika. Zilikuwa chuma kilichopakwa tu. Sasa natembea na sumaku ndogo kila ninapokwenda dukani Mwanga, na bolti inayoshikwa na sumaku siinunui kwa kazi ya chooni hata kama ni ya bei ya chini. Shaba halisi haishikwi.

Basi mara ya kwanza nikafanya kama kila mtu anavyofanya. Nilifunga koki, nikatoa maji yote kwa sponji, mimi na shemeji tukainua sinki, nikakwangua nta ya zamani, nikaziba bomba kwa tambara ili harufu isipande, nikaweka ringi mpya na bolti mpya, nikatoa tambara, tukashusha, nikakaza. Kilipocheza kidogo nikakaza zaidi. Kikatulia. Nikazungushia silikoni pande zote, nikaondoka nimeridhika.

Siku ya tisa mama akapiga simu. Safari hii maji hayakuonekana mbele. Yalitokea kwenye maungio ya vigae karibu na mlango, na bafu lilinuka. Silikoni yangu ndiyo iliyoyafungia ndani, yakatafuta njia chini ya vigae. Niliumia sana, kwa sababu choo chenye maji yanayoonekana nilikuwa nimekigeuza kuwa choo chenye maji yaliyojificha, na mama ndiye aliyekuwa analala na ile harufu.

Tulipoinua tena sikukwangua haraka. Nililala chini na tochi nikaisoma ile nta. Upande wa kulia ilikuwa imebanwa, inang'aa, na alama ya mdomo wa sinki imechorwa juu yake vizuri. Kadiri ulivyosogea kushoto alama ilififia, na pale kushoto mbele nta ilikuwa bado na umbo lake la duara kama ilivyotoka kwenye boksi, hata vumbi la kiwandani lilikuwepo. Sinki halikuwahi kuigusa. Yaani pale hapakuwa na muhuri uliokufa, hapakuwa na muhuri kabisa.

Hapa ndipo mpango wangu wote wa Jumamosi ile ulipovurugika. Nilikuwa nimekuja pia na vifaa vya kubadilisha mashine ya ndani ya tangi, ambayo inavuja kidogo kidogo kuingia sinki. Viko bado kwenye mfuko. Niliona mama anakanda unga wa chapati jikoni, nikamwomba donge.

Wazo ni hili: nta ukishaibana hairudi, kwa hiyo huwezi kuitumia kupimia. Unga unaweza. Nilitengeneza vidonge vinne virefu kama kidole gumba, kila kimoja milimita 35 hivi, nikaviweka juu ya flanji pande nne, nikavifunika kwa kipande cha mfuko wa plastiki visigande kwenye sinki. Tukashusha sinki kwa uzito wake bila nta, likakaa, tukalinyanyua moja kwa moja juu. Nikapima kila kidonge kwa rula. Kulia milimita 22, nyuma 23, mbele 25, kushoto 26.

Ringi yangu mpya ina unene wa milimita 25. Kulia ilibanwa milimita 3 tu, mbele iligusa bila kubanwa, na kushoto ilibaki nafasi ya milimita nzima. Halafu sinki lenyewe lilikuwa linacheza kama milimita 3. Mtu akikaa anaegemea upande mmoja, ule mwingine unainuka, na ile milimita 3 iliyoshika inaachia. Nta si mpira. Ikiachia haifuati sinki kurudi juu, inabaki na pengo, na kila kuflashi kunapitisha kijiko cha maji pale. Ningeweka ringi kumi zingekufa hivyo hivyo.

Kwa hiyo matatizo yalikuwa mawili na nilikuwa sijashughulikia hata moja. Flanji imezama, maana vigae vipya na gundi yake vimeinua sakafu huku flanji ikibaki pale pale. Niliweka pimamaji kama ubao juu ya vigae: flanji iko milimita 11 chini. Inatakiwa ikae juu ya sakafu iliyokamilika, na ikizidi kwa milimita 6 hivi ndiyo nzuri. La pili, kigae kimoja kimekaa juu kuliko wenzake, kwa hiyo sinki linaegemea pembe mbili tu. Nilipokaza bolti mara ya kwanza nilikuwa nalikunja sinki kwa nguvu dhidi ya sakafu isiyolingana. Lilitulia kwa muda, bolti zikavuta plastiki ya flanji, likalegea tena. Namshukuru Mungu kauri haikupasuka.

Watu wa hapa walinishauri nibandike ringi mbili za nta, moja juu ya nyingine. Inawezekana, na nimeona inayoshika, lakini sinki lisicheze hata kidogo, la sivyo zinateleza moja juu ya nyingine. Kwa sinki hili sikutaka kubahatisha. Niliagiza Dar pete ya plastiki ya kunyanyulia flanji, unene milimita 12, ikaja kwa basi baada ya siku nne. Siku hizo mama alitumia choo cha uani, na hakulalamika, jambo lililonifanya niharakishe zaidi.

Nilipaka silikoni chini ya pete, nikaikalisha juu ya flanji ya zamani, nikaishika kwa skrubu ndefu zinazopita zote mbili hadi kwenye zege, na plagi zake za plastiki. Usiishie kwenye plastiki ya flanji ya zamani, haina nguvu hiyo.

Kisha kucheza, kabla ya nta. Hili ndilo nililolifanya kinyume mara ya kwanza. Tulikalisha sinki kavu, bila nta, nikalisukuma pembe kwa pembe huku shemeji anachungulia na tochi. "Hapa, kaka, hapa kunaingia sarafu." Kabari nilizotumia ni zile za plastiki nyekundu za mafundi vigae, za kusawazishia. Ni nzuri kuliko vipande vya mbao ambavyo hunywa maji, vikavimba, halafu vikaoza. Nikaingiza tatu, mbili kushoto mbele na moja nyuma, kwa kidole tu, hadi sinki likakaa kimya na pimamaji ikalala sawa. Nikaweka alama ya kalamu sakafuni kwa kila kabari na kuzunguka kitako.

Unga tena. Sasa vidonge vyote vilisoma kati ya 11 na 12. Nta ya 25 itabanwa zaidi ya nusu, pande zote sawa. Niliupenda ule unga kuliko kifaa chochote kwenye boksi langu.

Ringi ya tatu niliiweka ndani kivulini usiku kucha. Ya pili niliibeba kwenye pikipiki juani kutoka Mwanga, ikafika imelegea na imelala upande. Joto la Kigoma linaharibu umbo lake kabla hujaanza. Bolti mpya za shaba nikazivisha mrija wa kunywea soda kila moja, ili sinki lishuke likifuata mirija bila kutafuta matundu huku limeshagusa nta. Likishagusa hakuna kuinua tena. Nilikaa juu yake, nikaegemea taratibu, nikahisi nta ikitii hadi kitako kikagusa kabari. Nati nilikaza kwa zamu, robo mzunguko kulia, robo kushoto, kwa spana fupi ya duara. Spana ya kurekebisha siipendi hapa, mkono wake mrefu unakupa nguvu usiyoihitaji. Nati ikishika na washa imetulia, inatosha. Bolti kazi yake ni kuzuia sinki lisisogee, haziwezi kulazimisha sakafu isiyolingana.

Kabari nikazikata zikalingana na kitako. Bluu tena kwenye tangi, kuflashi mara kumi, karatasi kavu. Silikoni nikaipaka baada ya siku tatu za kuangalia, mbele na pembeni tu. Nyuma nimeacha wazi upana wa vidole vinne, ili siku muhuri ukishindwa maji yatokee mama ayaone, yasijifiche.

Mashine ya tangi bado inavuja. Jumamosi ijayo.