Ozoni hasi: jinsi nilivyojifunza kulainisha kabla ya kuchagua modeli

Nilikuwa nimeandaa somo fupi la regresheni kwa vijana watatu waliokuja ofisini kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Kwa kuwa data za ofisi haziruhusiwi kutoka, nilichukua `airquality`, jedwali linalokuja na programu ya R yenyewe. Ni vipimo vya kila siku vya hewa ya New York kuanzia Mei hadi Septemba 1973, siku 153. Siku 37 hazina kipimo cha ozoni, kwa hiyo zilizobaki za kufanyia kazi ni 116. Joto limeandikwa kwa Farenhaiti, na ozoni kwa sehemu kwa bilioni.

Nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nilipitisha mstari mnyoofu, nikapata mteremko wa 2.43 na R ya mraba ya 0.49, nikauweka kwenye slaidi. Nilieleza kwamba kila digrii moja ya joto inaongeza ozoni kwa takriban 2.4, na karibu nusu ya mtawanyiko wa ozoni inaelezwa na joto peke yake. Nilikuwa tayari kuhamia slaidi inayofuata.

Binti mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akanyoosha mkono. "Samahani dada, siku ya digrii 57 mstari unasema ozoni ni ngapi?"

Nikapiga hesabu palepale: 2.4287 mara 57, toa 146.9955. Jibu likatoka hasi 8.6. Siku hiyo, tarehe 18 Mei, kipimo halisi kilikuwa 6. Hewa haiwezi kuwa na ozoni pungufu ya sifuri, na mstari wangu ulikuwa unatabiri hivyo kwa kila siku yenye joto chini ya digrii 60.5. Nikasema tutalirudia kesho, jibu la mwalimu aliyebanwa.

Usiku ule nilirudi kwenye mchoro wa nukta, ambao kusema kweli niliupita haraka mno mwanzoni. Nilitaka kuona umbo la uhusiano kabla sijautajia jina. Hapo ndipo `loess`, njia ya R ya kulainisha nukta ziwe mkunjo, inapofaa, kwa sababu haikulazimishi useme mapema kama uhusiano ni mnyoofu, ni parabola au ni kitu kingine.

Kazi yake, ukiifuata kwa mkono, haina maajabu. Tuseme unataka kujua urefu wa mkunjo kwenye joto la 80. Unachukua siku zilizo jirani na 80 kwa joto. Usipoiambia vingine, `loess` inachukua asilimia 75 ya data, yaani siku 87 kati ya 116. Kila jirani anapewa uzito kulingana na umbali wake. Aliye palepale kwenye 80 ana uzito wa 1, na aliye mbali kuliko wote katika kundi ana uzito wa 0. Fomula ni `(1 - u^3)^3`, ambapo `u` ni umbali wake ukigawanywa kwa umbali wa yule wa mwisho. Jirani aliye nusu ya njia anabaki na 0.67, bado ana sauti kubwa. Aliyefika tisa ya kumi ya njia ana 0.02 tu, karibu hasikiki. Kisha unapitisha regresheni ndogo yenye uzito huo, ya kipeo cha pili, unasoma thamani yake kwenye 80 tu, na mengine yote unayatupa. Unahamia 81, unaanza upya na majirani wengine. Ukiunganisha thamani hizo unapata mkunjo.

Jaribio langu la kwanza lilitoa kitu kama utando wa buibui. Mistari ilikwenda mbele na kurudi nyuma hadi nukta zenyewe zikafichika. Nilidhani nimekosea hesabu, kumbe data zilipangwa kwa tarehe, na `lines` huunganisha nukta kwa mpangilio inaoukuta. Lazima kwanza upange kwa joto:

```r
a <- airquality[!is.na(airquality$Ozone), ]
a <- a[order(a$Temp), ]
m <- loess(Ozone ~ Temp, data = a)
plot(Ozone ~ Temp, data = a)
lines(a$Temp, fitted(m))
```

Mkunjo uliotokea ulinifanya niangalie slaidi yangu kwa aibu. Upande wa baridi unakaribia kulala. Kuna siku 9 zenye joto kati ya 57 na 62, na wastani wa ozoni yake ni 13. Hapo hakuna dalili ya kushuka kuelekea hasi. Mahali fulani katikati ya digrii za sabini mkunjo unainuka, na kwenye digrii za themanini unapanda kwa kasi. Mstari mnyoofu ulikuwa chini mno kwenye ncha zote mbili, na juu mno katikati. R ya mraba haikunionyesha hilo.

Kilichofuata ni swali la `span`, ile sehemu ya data inayoitwa majirani. Nilijaribu 0.2, yaani siku 23 tu kwa kila nukta. Mkunjo ukaanza kuyumba. Kwenye digrii za themanini za mwanzo ulivutwa juu na siku moja, tarehe 25 Agosti, iliyokuwa na ozoni ya 168 kwa joto la 81 tu. Ncha ya kulia nayo iliacha kupanda, na kwa dakika kumi nilijiandikia nadharia kwamba ozoni hufika kilele kwenye joto kali. Halafu nikahesabu siku zilizopo pale. Zenye joto la 96 na zaidi ni mbili: moja ya 84 na moja ya 76. Nadharia yangu ilisimama juu ya siku mbili. Nikaifuta.

Tangu hapo nina desturi. Nachora mkunjo mara tatu, kwa 0.3, 0.5 na 0.75, juu ya mchoro mmoja. Umbo linalobaki katika yote matatu nalichukua kwa uzito. Kinachoonekana kwenye 0.3 peke yake nakitilia shaka mpaka nihesabu nukta zilizokibeba. Narudia pia kwa `family = "symmetric"`, ambayo baada ya kupitisha mkunjo huangalia mabaki, yaani umbali wa kila nukta na mkunjo, huwapunguzia uzito waliojitenga sana, kisha hupitisha tena. Siku ya 168 ikapoteza nguvu zake, lakini ule mpindo wa sabini ulibaki. Hapo nikaridhika kwamba mpindo hauletwi na siku moja ya ajabu.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo. Nilikuwa nimeona mpindo, kwa hiyo nikatengeneza modeli ya mpindo: mistari miwili iliyoungwa kwenye digrii 76, mmoja umelala na mwingine unapanda. Ilipendeza. Haikutoa ozoni hasi, na ilifuata `loess` kwa karibu kabisa. Lakini ile 76 niliichagua kwa jicho, kwenye data zilezile, kisha nikasoma thamani ya p kana kwamba nilikuwa na nambari hiyo kabla ya kuona chochote. Thamani ya p ya namna hiyo hujisifu kupita kiasi. Zaidi ya hapo, mabaki yalikuwa yamefunguka kama kipepeo cha ukili. Siku za baridi zilikuwa zimebanana, kati ya 1 na 32, huku za digrii za themanini zikitawanyika kuanzia 7 hadi 168.

Mtawanyiko unaokua pamoja na wastani ni dalili ya kujaribu logariti. Nikachora `log(Ozone)` dhidi ya joto na kupitisha `loess` ileile. Mpindo ukatoweka. Mkunjo ulikaribia kuwa mstari mnyoofu kutoka ncha hadi ncha. Kumbe hapakuwa na kizingiti chochote kwenye digrii 76. Kitu kinachokua kwa asilimia ileile kila hatua huonekana kimelala mwanzoni, kisha kana kwamba kimeamka ghafla, na mimi nilikuwa nimetaka kupigilia msumari pale kilipoonekana kuamka.

Modeli iliyobaki ni ya mstari mmoja kwenye logi, mteremko 0.0675, yaani takriban asilimia 7 kwa kila digrii. Kwenye digrii 60 inatoa karibu 9, na ukirudi kwenye zile siku 9 za baridi, wastani wake wa jiometri ni 9.1. R ya mraba ni 0.55, lakini sikuilinganisha na ile 0.49, kwa kuwa moja inapima ozoni na nyingine logi ya ozoni. Pia ukigeuza logi kurudi kwenye ozoni, unachopata kiko karibu na siku ya katikati kuliko wastani, na mtu anayetaka wastani atapata nambari ndogo kuliko anayoihitaji.

Logi nayo ilinitoza. Kwenye ozoni ya kawaida, ile siku ya 168 ilikuwa mbali na mstari kwa mara 5 ya kosa sanifu la mabaki, na kwenye logi ikashuka hadi kama 2.5. Lakini tarehe 21 Mei, yenye ozoni ya 1 kwa digrii 59, ambayo hapo awali hakuna aliyeitazama, ikawa ndiyo iliyojitenga, mara 3.7 chini ya mstari. Sikuiondoa. Niliendesha modeli ikiwamo na bila yake, nikaonyesha zote mbili.

Asubuhi nilimwita yule binti mbele, akachora mwenyewe. Mwenzake akauliza kwa nini tusiache `loess` iwe ndiyo modeli yenyewe. Nikamwambia aiulize ozoni ya digrii 100. Akaandika `predict(m, data.frame(Temp = 100))`, na R ikamjibu `NA`. Nje ya joto ililoliona, `loess` usipoiambia vingine haitoi jibu, na haina mteremko mmoja ambao ungeweza kuuandika kwenye ripoti.

Kabla hatujafunga, tulipitisha `loess` mara ya mwisho, safari hii mabaki ya modeli ya logi dhidi ya upepo. Yalishuka kadiri upepo ulivyoongezeka. Binti akatafuta siku mbili za digrii 81 zilizotofautiana zaidi: tarehe 2 Agosti ozoni 9, tarehe 25 Agosti ozoni 168. Upepo wa kwanza ulikuwa maili 13.8 kwa saa, wa pili 3.4.

"Basi ni upepo, dada."

Nikamwonyesha safu ya `Solar.R` kwa siku hizohizo: 24 na 238. Akakaa, akaanza kuchora mchoro wa jua.