Shimo la sekunde nne

Goma, Jumapili usiku

Yaya, mkubwa wangu, alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, anasikiliza kipindi changu cha redio kwenye simu yake. Kilipofika dakika ya saba nikamwona anaitoa simu mfukoni, anaangalia kioo, anakigonga kwa ukucha.

“Rezo imekatika?”

Rezo, yaani mtandao, haikuwa na kosa. Faili nzima ilikuwa imeshaingia kwenye simu tangu asubuhi. Alichosikia ni kazi ya mikono yangu: pale nilipomkata jirani.

Nilikuwa nimekwenda mtaa wa Mabanga kuzungumza na mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Tulikaa jikoni kwake, nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya lava, bati juu, mbabula inawaka pembeni. Mbali kidogo kulikuwa na jenereta ya saluni. Tulikuwa tunazungumzia likelemba, ule mchango wa pesa wa kupeana kwa zamu, na nikamuuliza: “Mama, ulishakosa kulipa zamu yako?” Kabla hajafungua mdomo, jirani akaingiza kichwa mlangoni, akamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akamkumbusha kwa sauti kubwa pesa inakusanywa siku gani na kwa nani. Mama akamjibu “nimesikia, nakuja”. Kisha akanigeukia: “Apana. Ata siku moja.”

Jirani hakujua kuna maiki mezani. Hata angejua, huwezi kurusha hewani siku na nyumba ambamo wanawake kumi na wawili wanapeleka pesa yao. Ilibidi sauti hiyo iondoke, pamoja na jibu la mama kwake, maana jibu bila swali lake linamfanya msikilizaji aanze kumtafuta mtu wa tatu.

Nilifanya lile linalofanywa na kila mwenye haraka. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, nilichagua zile sekunde 4 nikabonyeza Ctrl+L, yaani Silence Audio. Mstari ukawa bapa kama meza na mimi nikaenda kulala.

Bapa hiyo ndiyo iliyomfanya yaya aangalie simu. Mtu akinyamaza jikoni, jiko halinyamazi. Mkaa unaendelea, jenereta inaendelea, bati linapanuka kwa jua. Sikio limekwisha kuvizoea vitu hivyo, halivihesabu tena, lakini vikiondoka vyote kwa mara moja linashtuka. Kwenye kipimo cha programu, jiko la yule mama likiwa kimya lilikuwa linacheza karibu na -50 dB. Shimo langu halikuwa na namba yoyote: sifuri tupu. Hakuna mahali duniani pasipo na sauti namna hiyo, ndiyo maana mtu hafikirii “wamenyamaza”, anafikiria “imeharibika”. Na redioni ni vibaya zaidi, kwa sababu mitambo ya kurushia mara nyingi huinua sauti ndogo na kubana kubwa. Jiko linapanda, shimo linabaki palepale, na ukingo wake unazidi kuwa mkali.

Dawa yake ni kujaza shimo kwa hewa ya chumba kilekile. Wengine hapa wanaiita ambiansi tu, lakini ambiansi inaweza kuwa hata kelele za soko. Mimi nasema hewa. Ni sauti ya mahali pale, kwa maiki ileile, pasipo mtu anayesema. Mwenye akili huinasa palepale kabla hajakunja waya, sekunde 30 mpaka dakika nzima, watu wote wakiwa wamekaa walipokuwa. Siku ile mimi nilikuwa nawahi moto, yaani pikipiki ya abiria, sikuinasa.

Basi nikaanza kuokota. Mama akisema, kuna vituo vidogo kati ya sentensi, na humo jiko linasikika peke yake. Niliokota kimoja kizuri cha sekunde 1.2, nikakibandika mara tatu na kitu, shimo likajaa. Kwenye kioo ilipendeza. Masikioni, ndani ya kile kipande kulikuwa na mkaa mmoja uliopasuka, ta!, na sasa ulikuwa unapasuka kila baada ya sekunde 1.2 kama saa ya ukutani. Sikio husamehe kelele nyingi, ila likishakamata kitu kinachojirudia kwa hesabu haliachi. Nilijaribu kukigeuza kipande kimoja kichezwe nyuma-mbele ili kisifanane na vingine. Kwa mlio wa jenereta hiyo hila inakubali, kwa kuwa unafanana mbele na nyuma. Mkaa haukubali. Mkaa huanza kwa kishindo na kufifia. Ukiugeuza unavimba kwanza halafu unakatika, na hakuna mkaa wa hivyo Goma wala Masisi.

Nikatupa hicho, nikatafuta vipande vingine ambavyo havina mpasuko wala pumzi. Pumzi ni mtego: ukiibandika katikati ya ukimya, msikilizaji anasubiri neno ambalo haliji. Nilipata vitano. Kimoja nikakitoa dakika ya pili ya mahojiano na kikakataa kabisa kukaa na wenzake, jenereta ilikuwa inalia kwa sauti ya juu kidogo. Pale saluni wakiwasha mashine ya kukaushia nywele jenereta inazama, wakizima inapanda. Tangu hapo siendi mbali; natafuta hewa ndani ya dakika moja hivi, kabla au baada ya shimo.

Kingine kilinichosha zaidi, na sikukielewa mpaka saa tano usiku. Hewa niliyotoa mwanzoni mwa faili, kabla mama hajaanza kusema, ilikuwa na nguvu kuliko hewa ya pembeni mwa shimo, wakati jiko ni lilelile. Kosa lilikuwa kwenye kinasa sauti. Nilikuwa nimeacha kijipime chenyewe. Mtu akisema kwa nguvu, mashine inajiziba sikio. Akinyamaza, inalifungua polepole, na jiko linapanda taratibu bila mtu kuongeza mkaa. Kwa hiyo hewa iliyonaswa baada ya kimya kirefu si sawa na hewa inayofuata neno papo hapo. Niliishusha kwa 4 dB ikakaa. Safari ijayo nitaweka kipimo kwa mkono na kukiacha hapo.

Kuunganisha nako kuna siri moja. Ukiweka kipande kando ya kipande kwa kisu, unasikia mguso mdogo, tk. Inabidi mkia wa kimoja ulale juu ya kichwa cha kingine, kimoja kikishuka na kingine kikipanda; kwa hewa mimi natumia kama milisekunde 100 au 150. Lakini Crossfade Tracks ya Audacity ina aina kadhaa, na Constant Gain ilikuwa inaniachia kibonde katikati ya kila kiungo. Kelele mbili tofauti hazipandi na kushuka pamoja, kwa hiyo nusu ya hii na nusu ya ile hazitoi nzima. Katikati unapoteza 3 dB. Nilipochagua Constant Power 1 vibonde vikaisha. Kuna hali ambapo Constant Gain ndiyo sahihi, kama unapounganisha sauti ileile moja na yenyewe, ila hapa haikuwa hivyo.

Mwisho wa neno la jirani ulibaki pia. Nyumba ya mbao na bati hairudishi sauti kwa muda mrefu, lakini inarudisha, na nilikuwa nimekata pale mdomo wake ulipofunga. Ukisikiliza kwa hedifoni ulikuwa unasikia kivuli cha mwanamke kikifutika ukutani. Nikasogeza kisu mbele kidogo, karibu robo ya sekunde, kivuli kikaenda. Bahati yangu alikuwa hajamkanyaga mama kwenye neno lenyewe. Angekuwa amesema juu ya ile “apana”, hakuna hewa ya chumba ingeniokoa; ningeliacha jibu lote, au ningerudi Mabanga.

Asubuhi nikampa yaya tena. Safari hii hakuitoa simu mfukoni. Alisikiliza mpaka mwisho wa lile jibu, akatikisa kichwa.

“Uyu mama anadanganya.”

“Kwa nini?”

“Umemuuliza kama alishakosa kulipa, amefikiria weee, ndiyo anasema apana.”

Nikakaa chini. Nilikuwa nimejaza sekunde 4 kwa sekunde 4, kwa uaminifu wa fundi anayepima mlango. Lakini zile sekunde hazikuwa za mama, zilikuwa za jirani. Nilipoondoa sauti ya mwenye nazo na kuacha urefu wake, nilimbebesha mama kimya ambacho hakukinyamaza. Na kwa kuwa hewa ilikuwa imekaa vizuri sasa, kimya kilikuwa na uhai. Kile kibaya cha kwanza angalau kilionekana ni ubovu wa simu.

Nikarudi kwenye faili ghafi na kupima kwa mama mwenyewe. Kila nilipomuuliza kitu kifupi, jibu lilikuja baada ya sekunde 0.4 mpaka 0.7. Ni mwanamke wa kujibu haraka, amezoea wateja. Nikakata hewa yangu yote ya usiku kucha, vipande na viungo vyake, nikabakiza 0.6. Kipande kimoja tu kilitosha, kimeshikwa pande mbili. Masaa matatu ya kazi kwa pumzi moja!

Hata hivyo hilo nalo ni uamuzi wangu. Labda kweli alikuwa anafikiria wakati jirani anasema, mimi sina namna ya kuingia kichwani mwake. Ndiyo sababu sikurusha. Alasiri nilipanda moto hadi Mabanga, nikamsikilizisha kwenye simu yangu, mlango umefungwa. Alicheka aliposikia jiko lake. Alipofika kwenye “apana” akasema, “Ndiyo, iko vile.” Jirani naye niliitiwa, nikamweleza nimemtoa na kwa nini, akauliza kwa nini sikumwachia angalau salamu.

Kabla sijaondoka niliomba wakae dakika moja bila kusema, ninase hewa ya jikoni kwa ajili ya sehemu ya pili. Walikaa wote wawili, mikono magotini kama wako kanisani. Jenereta, mkaa, kuku mmoja nje. Sekunde ya 41 jirani akashindwa: “Mwanangu, bado unanasa? Maana mimi sisikii kitu.”

Nina sekunde 40.