Saa za muda: tangazo la saluni wakati umeme haupo

Jumanne, usiku

Umeme bado haujarudi na taarifa tuliyopewa haitaji siku. Leo jioni, baada ya mteja wa mwisho kuondoka, nilikaa na wasichana wawili ninaofanya nao kazi tuandike tangazo la kuweka chini ya picha ya saluni. Mmoja akasema, "Dada, tuandike tu kwamba tupo, ila huduma zingine hazipatikani. Watakaokuja tutawaelewesha hapahapa." Nilimkatalia. Mtu akishaacha shughuli zake, akapanda gari na kufika mlangoni, kumwelewesha hakumrudishii asubuhi yake. Tangazo ndilo linalopaswa kumwelewesha akiwa bado nyumbani.

Kwa hiyo tuliacha simu pembeni tukaanza na hesabu. Saa za kuandika huwezi kuzitoa kichwani, ukapunguza kidogo zile za kawaida ukaona imetosha. Zinatokana na vitu vitatu: mwanga wa jua, maji na jenereta.

Mwanga ulikuwa rahisi. Dirishani tunaona vizuri kuanzia saa 1 asubuhi hadi karibu saa 12 jioni, na kusuka hakuhitaji kitu kingine. Ila ukisuka mistari kwenye giza nusu, inapinda, na mteja huiona kesho yake kwenye kioo cha kwake. Kwa hiyo kila kichwa kiwe kimekamilika saa 11 jioni. Kutokana na hapo unahesabu kurudi nyuma: rasta ndogo zinatuchukua saa sita, basi anayezitaka awe ameketi saa 5 asubuhi. Zile kubwa ni saa tatu, basi mwisho wa kumpokea ni saa 8 mchana. Hili ndilo naona matangazo mengi hulikosa. Huandikwa saa ya kufunga peke yake, na mteja wa rasta ndogo anafika saa 8 akiwa na haki kabisa ya kudhani yuko ndani ya muda.

Maji ndiyo yaliyonipa wasiwasi. Pampu inatumia umeme, kwa hiyo tuna tangi la juu peke yake, na kinachoingia humo kila asubuhi ni maji ya kuletwa, kama lita 200. Kichwa kilichotiwa dawa ya kulainisha kinakula si chini ya lita 20, kwa sababu dawa ile lazima itoke yote, kisha ioshwe tena kwa shampuu yake ya kuzima ukali. Dawa ina muda wake ulioandikwa kwenye kopo, na ukipita huku bomba limekauka, ngozi inaungua na nywele zinakatika. Nimewaambia wasichana: hakuna kufungua kopo kabla ya kupanda kuangalia tangi, na ndoo mbili zilizojaa zikae kando ya sinki hata kama bomba linatoka vizuri. Vichwa sita ni lita 120. Zinazobaki ni za mikono, taulo na choo, na za akiba.

Jenereta likaja na jibu lilelile, na hapo nilifurahi. Limeandikwa kVA 2.5, lakini kwa kazi ya kuendelea sipendi kulitwisha zaidi ya wati 1,800 hivi. Kila draya yetu ya kofia inavuta wati 800 kwa moto wa kati, kwa hiyo mbili ndizo kikomo, na nafasi kidogo inabaki ya kuchaji mashine za kunyolea na simu. Ile ya mkononi ya wati 2,000 imeingia kabatini, maana peke yake inatosha kulizima. Dalili ya mzigo kuzidi tunaijua wote: mlio unakuwa mzito, taa inafifia, kisha linakata. Linakaa nje, mbali na mlango na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu ndani ya chumba. Tutaliwasha saa tatu kwa siku, kuanzia saa 6 mchana hadi saa 9 alasiri. Draya mbili, kichwa kimoja kwa saa, saa tatu: vichwa sita. Sawasawa na maji.

Baada ya hapo kuandika hakukuwa kazi. Hivi ndivyo tulivyoliweka:

"SAA ZA MUDA, Jumatano tarehe 12 hadi Jumapili tarehe 16: tunafungua saa 1:00 asubuhi, tunafunga saa 11:30 jioni. Umeme haupo.
Rasta ndogo: fika kabla ya saa 5:00 asubuhi. Rasta kubwa: kabla ya saa 8:00 mchana.
Kunyoa: siku nzima, mwisho saa 11:00 jioni.
Dawa, kuosha na kukausha: watu 6 kwa siku, kwa miadi tu. Tunaanza saa 4:30 asubuhi, draya zinawaka saa 6:00 mchana hadi saa 9:00 alasiri.
Kubloo kwa draya ya mkono hakupo kwa sasa.
Umeme ukirudi kabla ya Jumapili, saa hizi hazitabadilika. Za wiki ijayo tutazitangaza Jumapili jioni."

Siku na saa ziko kwenye mstari wa kwanza kwa sababu programu hukata maelezo na kuficha yanayofuata mpaka mtu abonyeze. Tarehe zipo kwa sababu chapisho la leo linaweza kumfikia mtu keshokutwa, na neno "leo" au "kesho" likamdanganya. Tumeandika kwa maandishi ya kawaida, si juu ya picha, kwani mtandao umekuwa dhaifu tangu umeme ukatike, na maneno hufika hata pale picha inapokataa kufunguka.

Ule mstari wa umeme ukirudi ndio tuliobishania zaidi. Msichana wa kwanza aliona tunajinyima kazi ya jioni. Mimi naona mtu aliyepanga siku yake kwa saa tulizompa anastahili kuzikuta vilevile, na isitoshe umeme wa siku ya kwanza baada ya kukatika kwa muda mrefu huwa unakuja na kupotea. Sitaki mtu awe na dawa kichwani saa 1 usiku kwa kuutegemea. Tulichoepuka kabisa ni kutaja siku umeme utakaporudi. Hiyo si yetu kuahidi. Yetu ni tarehe ya tangazo lijalo.

Wenye miadi ya wiki hii nimewaandikia ujumbe mfupi mmoja mmoja, kwa sababu wengi wanaweka akiba ya chaji na hawafungui mitandao. Mama mmoja amejibu kwamba hawezi mchana, anaomba jioni. Nimempa Jumapili saa 4:30 asubuhi, amekubali. Nakala ya karatasi imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Saa maalumu nimezibadilisha pia kwenye ramani, maana wateja wapya huangalia kule kwanza. Kwenye status ya WhatsApp tangazo hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo kila asubuhi, tangi likishajazwa na kupimwa, msichana wa pili ataliweka upya pamoja na idadi ya nafasi za dawa zilizobaki siku hiyo. Kesho zimebaki mbili.